Herufi kubwa na ndogo katika barua pepe ya Kiswahili: siku, miezi, lugha, uraia, majira na pande za dunia

Barua pepe ya kiofisi haikosi kutaja siku ya kukutana, mwezi, mahali na watu watakaohudhuria, na hapo ndipo herufi kubwa hukosewa zaidi kuliko mahali pengine popote. Katika rasimu nilizowahi kupitia kabla hazijatumwa, nimeona kosa likija kwa sura mbili ndani ya aya moja: mwandishi anaandika "jumatatu" na "kiswahili" kwa herufi ndogo, kisha mistari miwili mbele anaandika "Masika" na "Kusini" kwa herufi kubwa. Analijua fika kila neno analoliandika. Ila hana njia ya kupima ni neno lipi ni jina la pekee na lipi ni nomino ya kawaida, hasa kwa kuwa viambishi vya lugha yetu huyafanya maneno ya aina hizo mbili yafanane.

Nitatumia rasimu moja niliyoitunga kwa ajili ya mwongozo huu, yenye makosa yanayorudiarudia, kisha tuisahihishe hatua kwa hatua.

> Mada: semina ya wakulima wa kanda ya kaskazini, 16–18 machi
>
> Ndugu Washiriki,
>
> Semina itaanza jumatatu, tarehe 16 machi 2026, na kumalizika siku ya jumatano ya Juma hilo. Kwa kuwa Masika itakuwa imeanza, washiriki watakaotoka Kusini mwa wilaya wanaombwa kuondoka mapema. Mada zitatolewa kwa kiswahili. Wageni wetu kutoka nchi nyingine za Afrika mashariki, yaani wakenya wawili na mganda mmoja, watazungumza kiingereza, na maneno yao yatafasiriwa. Mafunzo ya vitendo yatafanyika wakati wa Kipupwe, Mwezi wa Saba, katika mashamba yaliyo Mashariki ya mji.

Hatua ya kwanza: anza na siku na miezi

Siku saba zote huandikwa kwa herufi kubwa popote zilipo katika sentensi: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Haijalishi kama siku hiyo ni moja mahususi au inajirudia. Tunaandika "kikao cha Jumatano ijayo" na pia "vikao hufanyika kila Jumatano". Kifupisho nacho hubaki na herufi yake kubwa, iwe ni "J'tatu" au "Alh.", ingawa katika barua rasmi ni vizuri zaidi kuandika jina kamili.

Kinachowachanganya wengi ni neno "juma" lenyewe. Likiwa na maana ya wiki, ni nomino ya kawaida na huandikwa kwa herufi ndogo: "mwishoni mwa juma", "juma la pili la Machi". Likiwa ni jina la mtu, herufi yake ni kubwa. Tofauti hiyo si ya urembo tu, kwa sababu "ripoti ya juma" ni taarifa ya wiki nzima, na "ripoti ya Juma" ni taarifa iliyoandikwa na ndugu yetu Juma. Msomaji aliyeko ofisi nyingine hana njia nyingine ya kujua unakusudia ipi. Katika rasimu yetu, basi, "jumatatu" na "jumatano" zinapanda, na "Juma hilo" inashuka kuwa "juma hilo".

Miezi inafuata mkondo huohuo. Januari hadi Desemba huandikwa kwa herufi kubwa, lakini neno "mwezi" linalotangulia hubaki dogo: "mwezi wa Machi", "mwezi Machi". Mwezi ukitajwa kwa namba, yaani mwezi wa tatu au mwezi wa saba, hapo hakuna jina la pekee. Kuna nomino ya kawaida na namba inayoifuata, na yote mawili ni madogo. Ndiyo maana "Mwezi wa Saba" ya rasimu yetu inakuwa "mwezi wa saba", au vizuri zaidi "mwezi Julai", kwa kuwa barua iliyotangulia kutaja Machi kwa jina haina sababu ya kubadili mtindo katikati.

Wanaoandika kwa kalenda ya Kiislamu wachukue kanuni hiyohiyo: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Miezi inayoifuata Ramadhani, ambayo watu wa pwani huihesabu kwa mifunguo, huwa na herufi kubwa inapotajwa kama jina la mwezi, yaani Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea. Hapa namba haiwi ndogo kama ilivyo katika "mwezi wa pili", kwa kuwa "Mfunguo Pili" zima ndilo jina.

Hatua ya pili: lugha na uraia

Hapa panahitaji utulivu, kwa kuwa Kiswahili hakitengi jina la lugha, la mtu na la nchi kwa maneno matatu tofauti. Huchukua mzizi mmoja na kuubadilishia kiambishi. Kutoka mzizi mmoja tunapata Uganda, Mganda, Waganda na Kiganda. Kutoka mwingine tunapata Uarabu, Mwarabu, Waarabu na Kiarabu. Kwa kuwa umbo zima ndilo jina, herufi kubwa hukaa mwanzoni mwa umbo hilo, yaani juu ya kiambishi, na mzizi unabaki mdogo: "Kiswahili", "Watanzania", "Mwingereza". Maumbo kama "kiSwahili" na "waTanzania" hayamo katika Kiswahili sanifu, hata kama utaratibu unaofanana na huo unatumika Afrika Kusini katika kuandika isiZulu.

Kipimo ninachokitumia ni kuondoa kiambishi na kujiuliza kama kilichobaki kinaelekeza kwenye nchi, mahali au watu fulani. Ukiondoa "ki" katika "Kijerumani" unabaki na mzizi wa Ujerumani. Ukiiondoa katika "Kimvita" unabaki na Mvita, yaani Mombasa. Hayo ni majina, yaandikwe kwa herufi kubwa, na lahaja zimo humohumo: Kiunguja, Kiamu, Kimtang'ata. Lakini ukiondoa "ki" katika "kitaifa", "kisasa", "kisheria" au "kijeshi", unabaki na taifa, sasa, sheria na jeshi, ambayo si majina ya pekee ya watu wala ya mahali. Maneno hayo ni madogo. Wapo wanaoandika "mkutano wa Kimataifa" kwa kuona tu kwamba neno limeanza kwa "ki" kama Kifaransa. Kipimo hiki kinawaondolea shaka mara moja.

Umbo la "ki" likitumika kueleza namna au asili, kama katika "chakula cha Kitanzania" au "mavazi ya Kihindi", ninashauri lipewe herufi kubwa vilevile. Utakutana na maandishi yanayolifanya dogo kwa hoja kwamba hapo limekuwa kielezi au kivumishi. Hoja hiyo ina mantiki yake, lakini inamlazimu mwandishi aamue upya katika kila sentensi, na katika barua pepe ya kazi nadhani ni salama zaidi jina la watu libaki na sura moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Uraia una mtego wake mwingine, na huo ndio ulionifanya nianze kuyafuatilia mambo haya kwa makini. Katika rasimu yetu kuna "mganda mmoja". Kwa herufi ndogo, mganda ni fungu la mabua au majani yaliyofungwa pamoja, na wingi wake ni miganda. Mgeni kutoka Uganda ni Mganda. Hali ni hiyohiyo kwa "mhindi", ambao ni mmea wa mahindi, na "Mhindi", ambaye ni mtu wa India. Na kwa "mkongo", neno ambalo Tanzania hulitumia kwa njia kuu ya nyaya za mawasiliano, na "Mkongo", ambaye ni mtu wa Kongo.

Katika sentensi kamili upatanisho wa kisarufi hutuokoa, kwa kuwa mkongo *umefika* na Mkongo *amefika*. Hata neno likiwa mwanzoni mwa sentensi, ambapo kila neno lina herufi kubwa, kitenzi kitatuambia ni kipi kati ya hivyo viwili. Lakini barua pepe ina sehemu moja ambayo mara nyingi haina kitenzi, nayo ni mstari wa mada. Mtu akiandika "gharama za mkongo" katika mstari huo, mhasibu atafikiria nyaya; akiandika "gharama za Mkongo", atafikiria nauli na malazi ya mgeni. "Mmoja" nalo halisaidii, maana tunasema mganda mmoja wa mabua na Mganda mmoja wa Kampala kwa umbo lilelile. Kwa hiyo, palipo na neno la aina hii katika mada, pamoja na kuweka herufi sahihi, ongeza neno la kufafanua: "Malazi ya mgeni Mganda", "Ujenzi wa mkongo wa mawasiliano".

Jambo jingine linahusu ndugu zetu wa Kongo na Burundi, na wengine waliosoma kwa Kifaransa. Kifaransa huandika siku, miezi na lugha kwa herufi ndogo. Jina la raia likitajwa kama mtu hupewa herufi kubwa, ila likigeuka kivumishi linarudi dogo. Aliyezoea utaratibu huo huandika "kiswahili" na "jumatatu" akiwa na hakika kabisa kwamba ameandika vizuri, na kwa lugha aliyosomea ni kweli. Ukiwa unamsahihisha mwenzako wa Bukavu au Bujumbura, mweleze tofauti ya lugha hizo mbili, kwani akikijua chanzo cha tabia yake atairekebisha mara moja, ilhali akisahihishiwa neno mojamoja atakosea tena katika neno linalofuata.

Hatua ya tatu: majira yashuke

Masika, vuli, kiangazi na kipupwe huandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa yakianza sentensi. Ni nomino za kawaida zinazoeleza hali ya hewa: masika ni mvua ndefu, ambazo katika maeneo mengi ya kaskazini na ya pwani ya Tanzania hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, kipupwe ni ubaridi wa katikati ya mwaka. Hayana tarehe ya kuanza kama ilivyo kwa Machi. Mkulima husema masika yamechelewa, wala hakuna anayesema Machi imechelewa, na tofauti hiyo ya matumizi ni msaada mzuri kwa anayesahau ni kundi lipi linabaki dogo.

Mawili kati ya majira hayo yanaanza kwa "ki", na ndiyo yanayopewa herufi kubwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa jicho linayachukulia kama lugha. Kipimo cha hatua ya pili kinatosha: hakuna nchi wala watu wanaoitwa "angazi" au "pupwe". Tuangalie pia asije mtu akatupinga kwa kusema ameona "Mvua za Masika" au "Vuli" katika taarifa ya hali ya hewa. Vichwa vya habari vina utaratibu wake, na kilichoandikwa kwa herufi kubwa katika kichwa hakipaswi kunakiliwa hivyohivyo katikati ya aya.

Kanuni hiyo inahusu pia majira yanayoitwa kwa pepo. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi, unaokuja kutoka kusini katikati ya mwaka, yote ni madogo: "majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi". Anayemwandikia mwenzake aliyeko Ulaya au Amerika, na kusema "majira ya baridi" au "majira ya joto", asilipe herufi kubwa neno lolote kati ya hayo.

Hatua ya nne: pande za dunia, na lini zinageuka kuwa majina

Kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, pamoja na mchanganyiko wake kama kusini mashariki, ni madogo yanapoonyesha upande tu. Yanapokuwa sehemu ya jina rasmi la nchi, mkoa au taasisi, yanapanda. Kanuni inaeleweka, ila waandishi hukwama katika kuitambua hali moja na nyingine, na hapa mpangilio wa maneno ya Kiswahili una msaada ambao hautumiwi vya kutosha.

Tazama neno la upande limekaa wapi. Likitangulia mahali na kuunganishwa kwa "mwa" au "ya", kwa kawaida ni upande tu: "kusini mwa Afrika", "mashariki ya mji", "magharibi mwa Kenya". Likifuata jina la mahali moja kwa moja bila kiunganishi, kwa kawaida limekuwa sehemu ya jina: "Afrika Kusini", "Sudan Kusini", "Korea Kaskazini", "Afrika Mashariki". Katika barua pepe za usafirishaji na manunuzi tofauti hii ina uzito wa fedha. "Mzigo unakwenda kusini mwa Afrika" unaweza kuwa unaelekea Zambia, Botswana au Msumbiji. "Mzigo unakwenda Afrika Kusini" una nchi moja tu.

Nimesema "kwa kawaida" kwa sababu yako majina yasiyofuata mpangilio huo, na hayo ni ya kukariri. Zanzibar ina Mkoa wa Kaskazini Unguja na Mkoa wa Kusini Pemba, ambako neno la upande linatangulia na bado ni jina rasmi. Mashariki ya Kati ni jina la eneo hata kama lina "ya". "Nchi za Magharibi", kwa maana ya Ulaya na Amerika Kaskazini kama kundi la kisiasa, hupewa herufi kubwa, lakini "nchi zilizo magharibi mwa Ziwa Viktoria" hazipewi. Na magharibi kwa maana ya wakati wa jua kuzama, kama katika "tutawasili baada ya magharibi", ni neno dogo.

Kanda ndizo zinazohitaji uamuzi wako. Ofisi ikiwa imegawa kazi zake katika Kanda ya Kaskazini, Kanda ya Ziwa na Nyanda za Juu Kusini, hayo ni majina ya vitengo vyake na yaandikwe kwa herufi kubwa. Mtu akisema tu kwamba mvua imenyesha katika maeneo ya kaskazini, hajataja kitengo chochote. Swali la kujiuliza ni hili: je, kuna ramani, muundo wa ofisi au sheria inayoliita eneo hilo kwa jina hilo? Kama ipo, panda. Kama haipo, baki chini.

Hatua ya tano: pitia rasimu kabla ya kutuma

Kwenye kompyuta, fungua rasimu na ubonyeze `Ctrl+F`, kisha utafute `juma`. Utafutaji huo utakuletea siku sita za wiki, Ijumaa ikiwemo, pamoja na kila "juma" la maana ya wiki. Alhamisi itafute peke yake. Kisha tafuta `kaskazi`, ambayo inakamata upepo na upande kwa pamoja, halafu `kusini`, `mashariki` na `magharibi`. Usitafute `kusi` peke yake, la sivyo utaletewa kila kusikia na kusimama. Mwisho tafuta `ki` ukitanguliza nafasi moja, na upime kila neno kwa kuliondolea kiambishi.

Simu ina matatizo yake. Kibodi nyingi hupandisha herufi ya neno linalofuata nukta, na haziwezi kujua kwamba nukta hiyo ni ya kifupisho. Ukiandika "n.k. kusini mwa wilaya", unaweza kukuta "Kusini" bila wewe kuigusa. Kibodi pia hujifunza kutoka kwako: ukiwa umeandika "Kaskazini" mara kadhaa kwa ajili ya jina la mkoa, itakupendekezea umbo hilohilo hata pale unapotaka upande tu. Kwa upande mwingine, kibodi iliyowekwa Kiingereza haiitambui "jumatano" kuwa ni jina la siku, kwa hiyo haitaipandishia herufi kama inavyoifanyia siku za Kiingereza. Ongeza majina ya siku kwenye kamusi ya simu yako yakiwa na herufi kubwa.

Kama barua yako ina mstari wa "YAH:" ulioandikwa wote kwa herufi kubwa, kama ilivyo desturi ya barua za serikali, usinakili maneno kutoka humo kuja kwenye aya na kuyapunguza kwa kubakiza herufi ya kwanza ya kila neno. Huko ndiko "Masika" na "Mashariki ya Mji" nyingi hutokea. Andika upya.

Hii ndiyo rasimu yetu baada ya kupita hatua zote. Ofisi iliyoituma tunaichukulia kuwa na kitengo kinachoitwa Kanda ya Kaskazini.

> Mada: Semina ya wakulima wa Kanda ya Kaskazini, 16–18 Machi
>
> Ndugu Washiriki,
>
> Semina itaanza Jumatatu, tarehe 16 Machi 2026, na kumalizika siku ya Jumatano ya juma hilo. Kwa kuwa masika itakuwa imeanza, washiriki watakaotoka kusini mwa wilaya wanaombwa kuondoka mapema. Mada zitatolewa kwa Kiswahili. Wageni wetu kutoka nchi nyingine za Afrika Mashariki, yaani Wakenya wawili na Mganda mmoja, watazungumza Kiingereza, na maneno yao yatafasiriwa. Mafunzo ya vitendo yatafanyika wakati wa kipupwe, mwezi Julai, katika mashamba yaliyo mashariki ya mji.

Katika aya hiyo moja "Mashariki" na "mashariki" yametokea yote mawili, na yote ni sahihi: la kwanza limefuata Afrika na kuwa sehemu ya jina, la pili limetangulia mji na kuonyesha upande tu.